Gurudumu Likizunguka Bure, Ondoa Mguu

Ndugu mkulima, mvua ndefu huanza mwezi wa Machi na kuendelea hadi Mei. Katika skimu zetu za Kinangop na Ol Kalou hiyo ndiyo miezi ambayo majani humea, ng'ombe hushiba na mikebe ya maziwa hujaa. Ndiyo pia miezi ambayo njia zetu za mashambani hugeuka kuwa matope. Basi wakati ule ambao mkulima ana maziwa mengi ya kupeleka ndio wakati ule ule ambao gari lake halipiti.

Maoni yangu juu ya jambo hili ni mawili, na huenda yasimpendeze kila mtu. La kwanza, magari mengi yanayozama katika njia zetu hayazamishwi na matope. Yanazamishwa na mguu wa dereva, ambaye anaona gari linasimama na kwa hiyo anazidi kukanyaga mafuta. La pili, ziko siku ambazo gari halifai kuingia katika njia hata kidogo, na mtu anayeliingiza siku hizo anajiumiza mwenyewe na kuwaumiza majirani wake. Nitakueleza sababu zangu, kisha wewe mwenyewe upime.

Jua ardhi iliyo chini ya tope

Sehemu kubwa ya Kinangop ina udongo wa namna mbili, mmoja juu ya mwingine. Juu kuna udongo laini wa rangi ya kijivu. Chini yake kuna udongo wa mfinyanzi mgumu ambao maji hayapenyi upesi. Mvua ikinyesha, maji huteremka katika ule udongo wa juu, yakafika kwenye mfinyanzi na kusimama pale. Hii ndiyo sababu njia inaweza kuonekana imekauka juu, na majani yamesimama vizuri, lakini ukikanyaga unasikia chini panabonyea kama godoro.

Huko Mwea mambo ni tofauti. Pale penye ule udongo mweusi unaonata, udongo ni namna moja kwenda chini sana. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na wakati wa mvua huvimba na kulainika, na gurudumu likishuka halikuti kitu cha kulipokea. Dereva wa Kinangop anaweza kupita mahali penye tope la sentimita 15 kwa sababu chini yake pana sakafu. Dereva wa Mwea akiingia mahali panapofanana na pale kwa macho, hakuti sakafu hiyo.

Kwa hiyo jambo la kwanza si gari wala tairi, ni kujua kama chini pana sakafu na iko kina gani. Macho hayawezi kukuambia. Fimbo inaweza. Tafuta fimbo iliyonyooka, unene wa kidole gumba, ukaiweke ndani ya gari lako siku zote. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, ingia upande wa nyuma, tazama lile boma la chuma lililo katikati ya ekseli, ambalo mafundi huliita difu. Katika pikapu zetu nyingi hapo ndipo mahali palipo chini kuliko pote. Simamisha fimbo kando yake, ukate alama kwa kisu mahali ambapo difu inaanza. Alama hiyo ndiyo mpaka wa gari lako. Jirani yako mwenye gari la namna nyingine atakuwa na alama nyingine, na ukiazima gari lake usitumie fimbo yako.

Ukifika mahali pabaya, simama kwenye ardhi ngumu, shuka, ukatembee kwa miguu mpaka mwisho wa pale pabaya. Chomeka fimbo katika njia ya magurudumu kila hatua tano. Ikigota kitu kigumu kabla tope halijafika kwenye alama, gari linaweza kupita likiendeshwa vema. Ikizama kupita alama, hata mahali pamoja tu, difu italala juu ya udongo na magurudumu yatabaki yakining'inia. Hapo hakuna ufundi wa kuendesha utakaokusaidia. Pima pia ule mgongo ulio katikati ya mifereji miwili ya magurudumu. Mifereji ikiwa mirefu na mgongo ukiwa juu, difu itakwaruza mgongo hata kama tope lenyewe ni haba.

Mwendo mmoja, gia moja

Sasa tuseme umepima na umeona panapitika. Washushe watu wote waliopanda, watembee. Kisha chagua gia ukiwa bado kwenye ardhi ngumu. Katika pikapu ya kawaida inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, gia ya pili ndiyo inayofaa katika tope letu. Gia ya kwanza ina nguvu nyingi mno, na kwa kukanyaga kidogo tu magurudumu huteleza na kuzunguka bure. Gia ya tatu haina nguvu ya kutosha, nayo itakulazimu kubadilisha gia katikati. Kama gari lako linavuta kwa magurudumu yote manne, weka mvuto huo kabla hujaingia. Watu wengi hungoja mpaka wamekwama ndipo wanaukumbuka, na wakati huo umekwisha chelewa.

Ingia kwa mwendo wa mtu anayekimbia, yaani kama kilomita 10 hadi 15 kwa saa, ushike mwendo huo huo mpaka utoke upande wa pili. Gari zito likiwa katika mwendo lina msukumo wake lenyewe, nao ndio unaolivusha mahali ambapo magurudumu hayashiki vizuri. Msukumo huo ukipotea katikati ya tope, ni vigumu kuupata tena, kwa maana magurudumu yanayoteleza hayawezi kuanzisha mwendo mpya. Hii ndiyo sababu usikanyage klachi ukiwa ndani. Ukikanyaga klachi umekata nguvu, na katika tope gari halitembei lenyewe kama kwenye lami. Husimama mara moja. Usikanyage breki pia, ila ukiona mtu au mnyama mbele.

Wengine husikia habari hii ya msukumo wakafikiri kwamba mwendo mkubwa ni bora zaidi. Sivyo. Gari likiingia mbio hupiga shimo lisiloonekana, hurukaruka, na kila linaporuka magurudumu huachana na ardhi. Maji hurushwa mpaka kwenye injini. Tena katika mifereji ya tope usukani hudanganya. Unaweza kuwa umegeuza magurudumu ya mbele kushoto na gari likaendelea moja kwa moja kwa sababu mifereji inalishika. Halafu likifika mahali pakavu magurudumu yanashika ghafula na kulitupa gari kushoto, ndani ya mtaro au kwenye ua wa mtu. Kwa hiyo toa kichwa dirishani mara kwa mara, uangalie magurudumu ya mbele yanatazama wapi.

Jinsi ya kujua kwamba gurudumu linazunguka bure

Hapa ndipo penye jambo kubwa la makala hii. Tairi hushika ardhi kwa meno yake. Katika udongo wa kunata meno hayo hujaa, na tairi likazibwa likawa laini kama tairi lililokwisha kabisa. Likizunguka bila kwenda, halishiki tena. Linafanya kazi ya jembe. Linachimba shimo chini yake, nalo shimo linashusha gari, na gari likishuka difu hukaribia udongo. Kila sekunde ya kukanyaga mafuta ni sentimita nyingine ya kuzama.

Zipo dalili tatu, na unaweza kuzitambua bila kushuka. Ya kwanza ni sauti: injini inapanda sauti upesi, lakini mti ulio kando ya njia unabaki pale pale dirishani. Ya pili ni mshale wa mwendo: unaonyesha kilomita 30 na gari linatambaa au limesimama. Ya tatu ni matope kurushwa juu na mkia wa gari kuanza kwenda upande.

Ukiona dalili mojawapo na gari bado linakwenda hata kidogo, fanya kinyume cha vile mwili wako unavyotaka. Legeza mguu kidogo, usiuondoe wote. Gurudumu likipunguza kasi huweza kushika tena. Wakati huo huo geuza usukani kidogo kushoto na kulia, kama upana wa kiganja, ili mbavu za matairi ya mbele zipate kuuma kingo za mfereji ambazo hazijalainika. Mara nyingi hayo yatatosha kukufikisha mwisho.

Lakini gari likisimama kabisa, ondoa mguu wote, papo hapo. Usijaribu tena mara moja mbele. Hapo unapokuwa umesimama kwa mara ya kwanza, gari bado halijazama. Limekosa mwendo tu. Nyuma yako pana mifereji uliyoikanyaga wewe mwenyewe sasa hivi, nayo imeshindiliwa kuliko tope lililo mbele. Weka gia ya nyuma, nyoosha usukani, ukanyage mafuta polepole sana, urudi katika alama zako mwenyewe. Likikubali, rudi mpaka ardhi ngumu. Likianza kuzunguka bure tena, ondoa mguu na uzime injini. Umejaribu mara moja, na inatosha. Kuanzia hapo kazi ni ya jembe na beleshi, si ya injini.

Asubuhi moja katika njia ya skimu

Nitakupa mfano wa jambo nililoliona, bila kutaja njia wala mtu. Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi pikapu ilibeba mikebe minane ya lita 50, yaani lita 400 za maziwa ya wakulima kadha wa kadha, yaliyokamwa saa kumi na moja alfajiri. Ukihesabu na chuma cha mikebe, mzigo ule ulikaribia kilo 500. Kutoka mashambani hadi barabara ya maramu palikuwa na mahali pamoja tu palipo chini, urefu wa kama mita 60, na maji yalikuwa yamesimama.

Dereva hakushuka kupima. Aliingia kwa gia ya tatu, mbio. Alipofika katikati gari lilianza kulemewa, naye akakanyaga klachi ili kuweka gia ya pili. Gari likasimama hapo hapo. Wakati ule kila mtu aliweza kuona kwamba vyuma vya magurudumu vilikuwa juu ya tope vyote, na kwamba ardhi ngumu ilikuwa mita 30 tu nyuma yake. Angerudi nyuma saa ile, huenda angetoka. Badala yake alikanyaga mafuta mpaka chini, na kabla dakika moja haijaisha difu ilikuwa imekaa juu ya udongo.

Trekta la kuvuta lilipatikana saa tano. Kamba ilifungwa kwenye bampa, na bampa ikang'oka. Ikafungwa mara ya pili kwenye chuma cha fremu, na gari likatoka. Maziwa yalifika kwenye mtambo wa kupozea yakiwa na zaidi ya saa sita tangu kukamuliwa, nayo hayakuwa yamepozwa. Yalipopimwa kwa spiriti yaliganda, yakakataliwa. Mikebe yote minane ilirudi nyumbani.

Sasa fikiri hesabu nyingine. Mkebe wa lita 50 ukijaa una uzito wa kama kilo 60. Watu wawili huuchukua kwa mti begani. Mita 60 kwa mikebe minane, watu wanne wakipokezana, ni kazi ya chini ya saa moja, hata ukihesabu utelezi na kupumzika. Kama gari lingekuwa limelala upande wa maramu usiku ule, maziwa yote yangefika mapema. Tope lile la mita 60 halikuhitaji gari. Lilihitaji watu wanne na gari lililo upande unaofaa.

Gari lilale upande wa maramu

Hili ndilo shauri langu kwa kila njia ya skimu. Kabla ya mvua kuanza, wakulima wa njia moja wakutane na wachague boma moja lililo karibu na barabara ngumu. Mvua ikianza kunyesha mchana, gari lipelekwe huko kabla ya usiku, wala lisirudishwe mashambani mpaka fimbo iseme njia imefaa. Maziwa yaletwe mpaka pale kwa begani, au kwa punda. Punda mmoja mwenye afya hubeba mikebe miwili ya lita 20, mmoja kila upande, bila kuumia. Tena miguu yake haichimbi njia kama gurudumu.

Najua maneno yatakayosemwa. Wa kwanza atasema, gari langu likilala kwa mtu mwingine litaibiwa magurudumu. Hofu hiyo ni ya haki, na kwa hiyo boma lichaguliwe la mtu mwenye mbwa na ua, naye alipwe kitu kidogo na wote. Wa pili atasema, je, mgonjwa akizidiwa usiku? Namjibu kwamba siku hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kuzama na gari. Watu sita wenye machela watamvusha mgonjwa mahali pabaya na kumkuta gari linamngoja likiwa kavu. Mgonjwa aliye ndani ya gari lililozama saa nane za usiku hana tena msaada.

Wa tatu atasema, mimi nina gari la magurudumu manne, nitapita. Huenda ukapita. Lakini nyuma yako utaacha mifereji ya kina cha mkono, na mifereji hiyo itashika maji wiki nyingi baada ya mvua kukoma, kwa sababu chini pana ule mfinyanzi usiopitisha maji. Jirani yako mwenye gari dogo hatapita tena mpaka kiangazi. Njia ya skimu ni ya watu wote, na dereva mmoja hana haki ya kuilima. Nasema wakulima wa njia moja waweke mti kuvuka njia maji yakisimama, na wote waliokubaliana waheshimu mti huo. Siku ya kwanza mvua ikipungua, watoke na majembe, wakate vijitaro kutoka kwenye mifereji kwenda kando kila mahali maji yaliposimama. Njia iliyotolewa maji hukauka siku nyingi kabla ya ile iliyoachwa hivyo hivyo.

Ukiwa umekwisha zama

Pengine shauri limekufikia ukiwa tayari umezama. Basi shusha mzigo kwanza. Chimba udongo ulio chini ya difu mpaka mkono wako upite, kwa maana gari halitatoka likiwa limelala kwa tumbo. Kisha chimba mteremko mrefu nyuma ya kila gurudumu linalosukuma, si kishimo kifupi, ukatandike matawi, mawe au mbao. Ukitumia jeki, weka ubao mpana chini yake; bila ubao jeki itazama na gari litabaki pale pale. Mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki katika tope.

Likivutwa na trekta, funga kamba kwenye fremu au ndoano ya kuvutia, si kwenye bampa. Watu wote wasimame mbali, kupita urefu wa kamba yenyewe. Kamba au waya ukikatika hurudi kwa nguvu ya kuvunja mguu au kuua. Trekta lianze polepole mpaka kamba inyooke, ndipo livute. Na kama injini inawaka, hakikisha bomba la moshi halimo ndani ya tope, na mtu asikae ndani ya gari lililofungwa madirisha. Moshi huo hauonekani vizuri na huua.

Ukitoka, kanyaga breki kidogo kidogo njiani ili zikauke. Osha tope lililonata ndani ya magurudumu, ama usukani utatetemeka. Kama difu ilikuwa ndani ya maji, mwambie fundi afungue akague mafuta yake. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na lazima yabadilishwe kabla meno ya ndani hayajala.

Maji yaendayo, na neno kwa watu wa mchanga

Niliyosema ni ya maji yaliyosimama. Maji yanayokwenda ni habari nyingine. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kuinua gari dogo, na yakifika sentimita 60 huchukua hata magari mengi makubwa. Hapo hakuna fimbo wala gia. Simama, ungoje yashuke.

Wenzetu wa skimu za pwani, kama wale wa Lake Kenyatta huko Mpeketoni, wana mchanga badala ya tope. Kanuni ya mguu ni ile ile: mwendo mmoja, na gurudumu likizunguka bure, ondoa mguu. Lakini mambo mawili hubadilika. Katika mchanga punguza upepo wa matairi, kama kutoka pauni 30 hadi karibu 18, ili tairi litandazike na kuelea juu. Nenda taratibu kwenye kona, wala usikimbize gari kwenye barabara ngumu kabla hujajaza tena, maana tairi legevu hupata moto na kupasuka. Jambo la pili, ukitaka kusimama usikanyage breki. Ondoa mguu uache gari lisimame lenyewe, na ikiwezekana lisimame likitazama mteremko. Breki hukusanya kilima kidogo cha mchanga mbele ya kila gurudumu, na kuondoka hapo ni kazi. Katika tope letu la Kinangop kupunguza upepo hakusaidii sana, kwa sababu tunataka tairi likate tope na kufikia sakafu, si kuelea.

Mvua zijazo zitakukuta na maziwa, na njia itakuwa ile ile. Kata fimbo yako wiki hii gari likiwa kavu, weka alama ya difu, kisha umwendee jirani mwenye boma karibu na maramu mkaongee habari ya mahali pa gari kulala.